Friji mpya ikiharibika ndani ya waranti, mdai aliyekuuzia

Chini ya risiti ya friji yetu palikuwa pamegongwa muhuri wa wino wa buluu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Muhuri kama huo umejaa kwenye risiti za hapa Mombasa, na nimeona watu wakiusoma, wakakunja risiti na kwenda kumtafuta fundi wa mtaani kwa pesa zao wenyewe, ilhali chombo hakijamaliza hata miezi mitatu. Sisi tulibadilishiwa friji nzima, na muhuri ule ulikuwapo.

Tulinunua friji ya milango miwili kwa shilingi 52,000. Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini, na insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Nilimwambia kijana wa dukani jambo hilo waziwazi, kwamba sitafuti friji ya maji baridi tu, natafuta ya kuhifadhi dawa ya mama. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwenye ile tuliyochukua. Kauli hiyo ilikuja kuwa na uzito baadaye, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Kwa hiyo unaponunua, sema unataka kitu cha kazi gani, tena ikiwezekana kwa ujumbe wa WhatsApp wa kuulizia bei, maana ujumbe hubaki.

Tulitoka na karatasi tatu: risiti, hati ya kupokelea mzigo, na kadi ya waranti. Risiti za siku hizi nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto, na kwa joto la Pwani maandishi yake hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, halafu itoe nakala. Ujumbe wa M-Pesa nao usiufute, kwani unaonyesha tarehe, kiasi na aliyepokea. Kwenye hati ya kupokelea nilimwomba dereva aandike namba ya friji, ile inayosomeka kwenye kibandiko, mara nyingi nyuma ya friji au ndani ubavuni karibu na droo ya mboga. Bila namba hiyo, duka linaweza kukuambia kwamba friji unayolalamikia siyo waliyokuuzia. Kadi ya waranti ambayo duka halijaigonga muhuri na kuitia tarehe, irudishe papo hapo ijazwe.

Kadi yetu ilitoa mwaka 1 kwa friji nzima na muda mrefu zaidi kwa kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya friji. Sehemu hiyo huandikwa kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo yameandikwa mambo yanayoivunja waranti, na hayo ndiyo ya kusomwa kwa makini: umeme kupanda na kushuka, friji kufunguliwa na fundi asiye wao, na kutumika kwa biashara. Hili la tatu linawaumiza sana kina mama wanaouza barafu na maji ya ukwaju. Mwenye nia ya kuuza anunue kwa masharti ya biashara, na aulize kabla hajalipa, kwani mifuko ya barafu iliyopangwa kwenye friza ikionekana na fundi wa kampuni, dai linaweza kuzimwa hapohapo.

Kwa ajili ya umeme tulinunua friji gadi siku hiyohiyo, dukani humohumo, ikaandikwa kwenye risiti ileile. Ni kifaa cha bei ndogo kinachokata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi, kisha hungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha ili kompresa isishtuke. Inaikinga friji kweli, lakini kinga yake nyingine ni ya ushahidi. Muuzaji atakayesema "stima ndiyo imeharibu" atakuwa anazungumzia friji iliyokuwa nyuma ya kinga aliyokuuzia mwenyewe.

Mwezi wa pili tangu tuinunue, friji ikaanza kupoteza baridi. Kwa sababu ya insulini nilikuwa na kipimajoto kidogo kwenye rafu ya katikati, ambacho kawaida kilisoma 4 au 5. Kikapanda hadi 9, kisha 13. Dawa ya mama nikaihamishia kwa jirani, nikaanza kupiga picha kipimajoto asubuhi na jioni, kila picha na tarehe yake.

Hapa nisimulie taratibu, kwa kuwa dalili tulizoziona ndizo zilizotuokoa. Kompresa ilikuwa inanguruma mchana kutwa bila kupumzika, wakati friji isiyo na kasoro hufanya kazi, ikapoa, ikazima, ikaanza tena. Mbavu za friji, ambazo kwa aina nyingi za sasa huwa na uvuguvugu ukizigusa kwa sababu mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani yake, zilikuwa za kawaida tu kama ukuta. Na ndani ya friza, barafu ilikuwa imeganda kwenye kona moja pale gesi inapoingilia, na sehemu nyingine yote imekauka, unaweza kuipangusa kwa kiganja. Hizo tatu zikikutana, fundi yeyote wa friji atakwambia gesi imepungua. Friji haili gesi kama gari linavyokula mafuta. Gesi ya friji huzunguka kwenye mabomba yaliyofungwa kabisa, na ileile iliyotiwa kiwandani inatakiwa idumu maisha yote ya friji. Ikipungua, pana tundu au kiungo kilichochomelewa vibaya.

Linganisha na friji iliyopigwa na umeme. Hiyo kwa kawaida kompresa yake haiwaki kabisa, au utasikia "ta" kisha kimya, kisha "ta" tena baada ya muda, ama taa na sehemu za elektroniki zimekufa. Umeme mbaya huunguza nyaya za kompresa na vifaa vya kuiwashia, na hautoboi kiungo cha bomba kikavujisha gesi huku kompresa ikiendelea kuzunguka vizuri. Nilirekodi video fupi: sauti ya kompresa, friji gadi ikiwaka taa yake ya kijani, na friza yenye barafu kona moja. Fundi wa mtaani nilimwita aangalie kwa macho tu, na nilimwambia kabla hajaingia kwamba asifungue hata skrubu moja.

Dukani yule kijana hakutazama video. "Dada, hiyo ni stima ya huko kwenu, na stima haimo kwenye waranti. Halafu sisi ni wauzaji tu, piga simu kituo cha huduma cha kampuni."

Sentensi mbili, na zote mbili zina jibu. Nilimwambia, "Kaka, pesa yangu niliilipa hapa. Kituo cha huduma sikijui na hakinijui. Nyinyi wapigieni." Mkataba wa mauziano ni kati yako na duka. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 5, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa ni ya ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka hivyo, na inasema neno lolote la kuifuta ahadi hiyo ni batili. Huo ndio mwisho wa muhuri wa buluu. Muhuri huo unaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi, lakini haumzuii mwenye bidhaa mbovu. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaostahili na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Waranti ya kampuni ni nyongeza juu ya haki hizo. Haikuja kuchukua nafasi yake.

Ila ni vizuri ujue pia sheria zetu hizi mbili zinakomea wapi. Hazisemi kwamba kila chombo kikiharibika utapewa kipya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humpa mnunuzi nafasi ya kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa, lakini nafasi hiyo hupotea akishaikubali, na kukaa nayo kimya kwa muda unaopita kiasi huhesabiwa ni kuikubali. Baada ya hapo kinachobaki ni fidia. Kubadilishiwa chombo mara nyingi hutoka kwenye kadi ya waranti yenyewe. Yetu ilisema "kutengenezwa au kubadilishwa kwa uamuzi wa kampuni." Ndiyo maana unatakiwa kulalamika mapema na kwa maandishi, hata kama bado unawaachia nafasi ya kutengeneza. Nilimtumia meneja ujumbe wa WhatsApp siku ile kasoro ilipodhihirika, na barua pepe yenye maneno yaleyale, ili tarehe isiwe na ubishi.

Fundi wa kituo cha huduma alikuja nyumbani, akapima, akaongeza gesi. Friji ikapoa jioni ileile. Wengi wetu hapo tungeshukuru na kutia sahihi. Nilimuuliza gesi ilikuwa imetokea wapi. Akajibu kwamba wakati mwingine hupungua tu. Nikamwomba aandike kwenye fomu yake alichokikuta na alichokifanya, akaandika: "Gesi pungufu. Imejazwa. Umeme sawa." Maneno hayo mawili ya mwisho yalikuja kuwa na thamani kuliko gesi yenyewe, kwani mtaalamu wao wenyewe ndiye aliyekuwa ameufuta utetezi wa stima. Fomu niliipiga picha kabla ya kusaini, na juu ya sahihi yangu nikaandika, "Sababu ya kuvuja haijatafutwa."

Kujaza gesi bila kuziba tundu ni kama kupuliza gurudumu lenye msumari. Matengenezo ya kweli ya friji iliyovuja ni kutafuta panapovuja, kuchomelea, kufyonza hewa na unyevu wote ndani ya mabomba kwa pampu, kisha kutia gesi kwa kuipima kwenye mizani, kwa sababu kibandiko cha friji husema aina ya gesi na gramu zake. Friji nyingi za sasa za nyumbani hutumia R600a, na kiasi chake ni makumi ya gramu tu, hivyo kuzidisha au kupunguza kidogo kunaonekana kwenye baridi. Gesi hiyo huwaka moto pia, na si ya kuchezewa na mtu mwenye kiberiti jikoni kwako. Fundi akimaliza kazi yote kwa muda wa kunywa chai, hakuziba kitu.

Kipimajoto kilianza kupanda tena wiki zilizofuata, na barafu ikarudi kwenye kona ileile. Nilipoomba fundi arudi, mhudumu wa simu akasema gesi ya pili italipiwa, maana gesi ni kitu kinachoisha na haiingii kwenye waranti. Nilifungua kadi nikaisoma yote. Kwenye orodha ya visivyoingia kwenye waranti palikuwa na taa, droo za plastiki na raba za mlango. Gesi haikuwemo. Baadhi ya kadi huitaja, na hata hapo mtu anaweza kujibu kwamba analalamikia bomba linalovuja, nalo ni sehemu ya friji. Kwetu halikuhitajika hata hilo.

Ndipo nikaandika barua ya madai. Kasoro ikirudi ileile baada ya wao kupewa nafasi ya kuitengeneza, dai la kubadilishiwa linakuwa na miguu. Barua ilielekezwa kwa duka, nakala kwa kituo cha huduma, na kiini chake kilikuwa hiki:

"Nilinunua kwenu friji yenye namba iliyotajwa hapo juu, kwa shilingi 52,000, na nilimweleza mhudumu wenu kwamba ni ya kuhifadhi insulini. Ndani ya waranti imepoteza gesi mara mbili. Fundi wenu aliandika kwamba umeme uko sawa na hakuziba panapovuja. Friji haiifai kazi niliyoinunulia, na matengenezo yenu yameshindwa. Naomba mnibadilishie friji mpya ya aina hiyohiyo, au mnirudishie shilingi 52,000, ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii. Mkikataa, nitawasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kufungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo."

Nikaambatisha risiti, kadi, hati ya kupokelea, fomu ya fundi, na picha za kipimajoto zikipangwa kwa tarehe. Hakuna tusi ndani yake wala kisa kirefu cha jinsi tulivyosumbuliwa. Niliipeleka kwa mkono na kuwafanya wagonge muhuri "imepokelewa" kwenye nakala yangu. Muhuri wao wa buluu, safari hii upande wangu.

Kutaja mahakama hakukuwa kitisho cha bure. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na baadaye ikafika miji mingine ukiwemo Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mauziano ya bidhaa. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Friji ya shilingi 52,000 isingeweza kumlipa wakili, lakini pale inaingia vizuri. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya watumiaji na kuyachunguza. Tofauti ni kwamba ukitaka hukumu ya kulipwa pesa zako, mlango ni mahakama.

Meneja alinipigia kabla muda haujaisha. Alianza na ofa ya fundi mwingine. Nikamjibu kwa upole kwamba nafasi ya kutengeneza walishaipata, na barua iko mezani kwake. Akaleta ofa ya pili: friji nyingine, lakini ya aina tofauti, iliyokuwa kwenye maonyesho ya dukani. Hapa uwe makini sana. Friji ya maonyesho huwa imefunguliwafunguliwa na watu, na huenda imewahi kurudishwa na mteja mwingine mwenye shida kama yako. Nilisema nitapokea ya ndani ya boksi, ya aina ileile au inayolingana nayo kwa bei na ukubwa, nikiikagua ikifunguliwa mbele yangu.

Walipoileta, niligusa kwanza kibandiko, nikahakikisha namba si ile ya zamani iliyorudi ikiwa imefutwa vumbi. Tuliiacha imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yatulie baada ya safari. Kisha likaja suala la waranti. Kadi ya zamani ilikuwa imeshakula miezi kadhaa, na dereva alikuja na maelekezo kwamba itaendelea kuhesabiwa kutoka siku ya ununuzi wa kwanza. Sikuipokea friji hadi meneja alipokubali kwa simu, na kadi mpya ikajazwa kwa namba mpya na tarehe ya siku hiyo. Hilo ni jambo la makubaliano, hivyo liombe wakati friji ya zamani bado iko sebuleni kwako, maana ikishapakiwa kwenye pikapu huna tena cha kushikilia.

Lililobaki lilikuwa dawa. Kabla sijaona kipimajoto kimepanda ile mara ya kwanza, kalamu za insulini zilikuwa zimekaa kwenye joto ambalo daktari wa mama hakulikubali, akaagiza zitupwe. Nilikuwa na risiti ya famasia na karatasi ya kliniki. Meneja alikataa mwanzoni, akisema waranti ni ya friji, si ya vilivyomo. Kwa kadi ya kampuni alikuwa sahihi, kwa sababu kadi yenyewe ilisema hivyo. Lakini sikudai kwa kadi. Nilidai kwa Katiba na kwa ile kauli niliyomwambia kijana wake siku ya kununua, kwamba friji ni ya insulini, kwa hiyo hasara ya aina hiyo walikuwa wanaijua tangu mwanzo. Chakula kilichoharibika sikukidai, maana sikuwa na hati yake.

Alikubali kulipa bei ya kalamu zile kwa M-Pesa, akanitumia kwanza karatasi ya kutia sahihi iliyosema kwamba nimepokea malipo hayo "kwa kumaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye, kuhusu friji." Nilikata maneno hayo kwa kalamu, nikaandika "fidia ya insulini pekee, bila kugusa haki za waranti ya friji mpya," nikatia sahihi pembeni ya marekebisho na kumrudishia picha yake. Pesa ziliingia jioni hiyo.